Uzi: Wiki nne kabla ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, masomo manane: naomba mkague mpango huu

KakaMkubwa

Habari za jioni, ndugu zangu. Mdogo wangu wa kike anamaliza sekondari, na zimebaki wiki nne kamili kabla ya karatasi ya kwanza. Anafanya masomo manane, na katika moko alipata Hisabati 34, Fizikia 41, Kemia 47, Kiingereza 49, Historia 55, Biolojia 58, Jiografia 62 na Kiswahili 71. Anasoma shule ya kutwa. Baada ya kutoa muda wa shule, kazi za nyumbani na usingizi, anabaki na takriban saa 3 kila jioni ya siku ya kazi, saa 7 Jumamosi na saa 4 Jumapili.

Nimemtengenezea mpango ufuatao. Siku 28 nimezigawa kwa masomo 8, kwa hiyo kila somo linapata siku tatu na nusu. Anaanza na Kiswahili, ambalo analimudu, ili apate moyo, kisha anapanda hadi Hisabati mwishoni. Akimaliza somo moja analifunga na kuhamia jingine, ili asichanganye mambo. Naomba anayejua kazi hii anieleze kama mpango unafaa, na kama haufai, unavunjikia wapi.

MamaWaWatatu

Mwanangu, mimi ningemshauri asiache somo lolote. Nina kijana aliyeacha Fizikia mwaka wa mwisho, na baadaye alipotaka kwenda chuo alikuta milango mingi imefungwa. Afanye masomo yote manane, hata kama mawili yanamsumbua.

KakaMkubwa

Shikamoo mama, na nashukuru. Hatujafikiria kuacha somo, kwa kuwa usajili ulishapita na yote manane atayafanya. Swali langu ni namna ya kugawa muda uliobaki.

ChakiNaUbao

Mpango wako ni mzuri, ila umesahau jambo kubwa, yaani mitihani iliyopita. Achukue karatasi za miaka kumi za kila somo na azifanye zote. Maswali hujirudia. Ukiyapanga kwa miaka utaona kwamba mada fulani hutoka mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata, kwa hiyo unaweza kujua zamu ya mwaka huu ni ya mada ipi, ukaelekeza nguvu huko.

MwalimuWaMaabara

Nimefundisha Kemia na Hisabati kwa madarasa ya mwisho kwa muda mrefu, na nimesahihisha karatasi nyingi za moko, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu, KakaMkubwa.

Mpango wako unavunjikia pale unaposema kwamba akimaliza somo analifunga. Kiswahili kitafungwa siku ya nne na hatakigusa tena kwa siku 24 au zaidi. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Kundi moja liliisoma tena, na kundi jingine likafunga matini na kuandika kila lilichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo, asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, na waliojipima wakakumbuka 56. Mdogo wako akisoma Kiswahili siku tatu mfululizo ataridhika kabisa siku ya nne, na kuridhika huko ndiko kutakakomdanganya, kwa sababu mtihani hauko siku ya nne.

Kosa la pili ni kugawa sawa kwa sawa. Somo lenye alama 71 na somo lenye alama 34 hayahitaji muda uleule. Hata hivyo, msikimbilie kumpa muda mwingi yule mwenye alama ndogo kuliko wote. Kinachopaswa kuamua ni alama ngapi zinaweza kurudi kwa saa moja ya kazi, na hilo halionekani kwenye jumla. Linaonekana ndani ya vijitabu vya majibu vya moko. Je, anavyo? Kama amerudishiwa, jioni ya kwanza msisome chochote. Chukueni kila alama aliyoipoteza na muiweke kwenye fungu lake: hakujua kabisa, alijua akakosea njiani, hakujibu kilichoulizwa, au muda ulimwishia.

Kwa kaka yangu ChakiNaUbao, naungana nawe kuhusu mitihani iliyopita, lakini siungani nawe kuhusu zamu. Karatasi za nyuma zinaonyesha uzito wa mada, namna maswali yanavyoulizwa na muda unaotosha. Hazimwambii mtu kitakachotoka. Nimeona watahiniwa waliosoma nusu ya mada kwa kufuata zamu, na mada iliyosemekana imepumzika ikatoka miaka miwili mfululizo. Isitoshe, miaka kumi kwa masomo manane ni karatasi themanini kabla hata ya kuhesabu vitendo, na kila karatasi huchukua saa mbili au tatu. Kwa muda aliotajiwa hazitimii, na zikitimia hakutabaki saa ya kusahihisha.

ChakiNaUbao

Mwalimu, kuhusu hesabu ya saa nakubali. Kuhusu zamu bado nina mashaka, kwa sababu katika Historia nimeona maswali yaleyale yakirudi kwa maneno tofauti.

MwalimuWaMaabara

Kurudi yanarudi, ndiyo maana mada nzito hazipaswi kuachwa. Hoja yangu ni kwamba huwezi kujua ni mwaka gani.

KakaMkubwa

Shikamoo Mwalimu. Jana jioni tulikaa na vijitabu vyote. Jioni moja haikutosha, tumemaliza leo asubuhi. Katika Hisabati alipoteza alama 66. Kati ya hizo, 22 ni za maswali ya mwisho ambayo hakuyafikia, 14 ni za makosa ya njiani kwenye mambo anayoyajua, na 30 ni za mada ambazo hazijui. Katika Kemia alipoteza 53, na tulishangaa kuona kwamba 27 kati yake zinatoka kwenye hesabu za moli na kazi ya bureti. Katika Kiingereza nyingi ziko kwenye insha, na msahihishaji ameandika kwamba hakujibu swali. Historia ni hivyohivyo. Biolojia alama zimetawanyika, sikuona mahali pa kushika.

Swali langu ni hili: kama muda ndio uliomwishia kwenye Hisabati, je, dawa si kufanya maswali mengi kwa haraka?

MwalimuWaMaabara

Marahaba. Mmefanya kazi ya maana kuliko mpango wowote wa rangi ukutani.

Kuhusu haraka, angalia kwanza muda ulikwenda wapi. Fungua swali ambalo lina kazi ndefu iliyofutwa na kuandikwa upya. Mara nyingi mtahiniwa wa alama 34 haandiki polepole. Anakwama kwenye kupanga upya fomula au kwenye sehemu za aljebra, anafuta, anaanza tena, na dakika 15 zinaondoka kwa swali la alama 6. Ukimwambia aharakishe, makosa yataongezeka. Dawa ni mbili: kuimarisha ile aljebra inayomkwamisha, na kumpa kanuni ya kuondoka. Kama karatasi ni ya saa 3, yaani dakika 180, na ina alama 100, swali la alama 6 lina haki ya dakika 10 au 11. Zikiisha anapiga mstari, anaacha nafasi, anakwenda mbele. Kanuni hii lazima aizoee nyumbani akiwa na saa mezani, kwa sababu kwenye chumba cha mtihani mtu hawezi kuanza tabia mpya.

Sasa tazama moli na aljebra kwa pamoja. Hizi ndizo mada zinazobeba nyingine. Anayejua kupanga upya fomula anapata alama kwenye Hisabati, kwenye Fizikia karibu kila swali la hesabu, na kwenye Kemia. Anayejua moli anafungua kazi ya bureti, gesi na elektrolisisi. Kwa hiyo wiki ya kwanza nguvu iende huko, hata kama somo lenyewe halianzi kwenye ratiba ya mtihani.

Mpe swali dogo hili: sentimita za ujazo 25 za asidi yenye moli 0.1 kwa kila lita zina moli ngapi? Akijibu 2.5, tatizo lake si moli bali vizio, kwa sababu hakugeuza 25 kuwa lita 0.025. Jibu ni moli 0.0025. Akijibu vizuri hapo lakini akakwama anapoulizwa kiasi cha alkali kilichohitajika, basi hajajua kusoma uwiano kwenye mlinganyo uliosawazishwa. Ni matatizo mawili tofauti, na kila moja lina maswali yake ya mazoezi. Mtu anayesoma sura nzima ya moli tangu mwanzo hatajua ni lipi linalomuumiza.

KakaMkubwa

Alijibu 2.5.

MwalimuWaMaabara

Basi hapo mmepata alama kadhaa kwa gharama ya jioni moja. Fizikia pia mchunguze vizio, naamini mtakuta mtindo uleule.

Sasa muda. Ana saa 26 kwa wiki. Msipange zote 26. Pangeni saa 21, yaani vipindi 14 vya dakika 90: viwili kila jioni ya siku ya kazi, vitatu Jumamosi na kimoja Jumapili. Saa 5 zinazobaki mwisho wa wiki ni akiba ya kulipa kipindi kilichokufa kwa sababu ya umeme, mgeni au homa. Mpango usio na akiba huvunjika Jumatano ya kwanza, na mtoto huanza kuuona kama deni. Kwa wiki nne mna vipindi 56. Kwa hali mliyoieleza ningeanza hivi: Hisabati 12, Kemia 10, Fizikia 9, Kiingereza 6, Historia 6, Biolojia 6, Jiografia 4 na Kiswahili 3. Mkiona baada ya wiki mbili kwamba Kemia imesimama vizuri, ondoeni vipindi viwili mpeni Biolojia.

Ndani ya kipindi, dakika 10 za kwanza aandike bila kufungua daftari yale ya kipindi kilichopita cha somo hilo. Kisha saa moja ya maswali, daftari likiwa limefungwa. Dakika 20 za mwisho ni za kusahihisha kwa mwongozo wa usahihishaji na kuandika kosa kwa sentensi moja kwenye daftari la makosa, mathalani «sikugeuza sentimita za ujazo kuwa lita». Swali alilokosa alirudie baada ya siku tatu na tena baada ya wiki, bila kuangalia suluhisho. Akikwama kwenye hatua ileile, bado hajalijua, hata kama alipolisoma suluhisho lilionekana rahisi.

BweniLaKaskazini

Mimi niko bweni na nafanya mtihani huo mwaka huu. Sisi tunaamshwa saa 10 alfajiri kwa ajili ya kujisomea na tunalala saa 5 usiku. Wanaofaulu hapa wote wanafanya hivyo. Saa tatu za jioni naona ni chache mno kwa masomo manane.

MwalimuWaMaabara

Mdogo wangu, kutoka saa 5 usiku hadi saa 10 alfajiri ni saa 5. Kwa umri wa miaka 14 hadi 17 wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10. Kumbukumbu ya ulichosoma mchana huimarika ukiwa umelala. Najua ratiba ya bweni si yako kuipanga. Jipime mwenyewe: chukua swali ulilolifanya alfajiri, ulirudie jioni bila kuangalia. Kama mengi ya alfajiri hayapo jioni, saa hiyo haikuletei faida, na ningekushauri umwombe mlezi wa bweni ruhusa ya kulala.

BweniLaKaskazini

Nitajaribu hilo la kujipima, Mwalimu. Ruhusa ya kulala sidhani kama itapatikana, na kusema kweli nikibaki kitandani wenzangu wakiwa darasani nitajisikia nimeachwa.

LindoLaUsiku

Naomba niingie kwa hali yangu. Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, nafanya kazi ya ulinzi usiku na nina masomo matano. Sina dakika 90 zilizokaa pamoja, labda 40 mara mbili au tatu kwa siku. Tena sina mwalimu wa kunisahihishia insha. Za Hisabati najisahihisha, lakini insha yangu kila nikiisoma naiona nzuri.

MwalimuWaMaabara

Kaka, dakika 40 zinatosha ukigawa kazi: kipindi kimoja kufanya maswali, kinachofuata kuyasahihisha. Usifanye vyote viwili kwa haraka. Kuhusu insha naomba wa lugha au Historia akujibu.

DadaWaHistoria

Nafundisha Historia. LindoLaUsiku na KakaMkubwa, nawajibu pamoja kwa kuwa tatizo linafanana.

Mtahiniwa anayeambiwa hakujibu swali kwa kawaida anajua mengi. Ameona neno «ukoloni» kwenye swali akamwaga kila anachokijua kuhusu ukoloni. Swali liliuliza athari za kiuchumi, yeye akaeleza sababu za kuja kwa wakoloni, na msahihishaji hana pa kuweka alama. Kwa hiyo wiki hizi nne msiandike insha nzima kila mara. Chukua maswali matano, na kwa kila moja tumia dakika 8: pigia mstari neno la amri, yaani eleza, linganisha, tathmini au jadili, pigia mstari mipaka ya swali, kisha andika sentensi moja kwa kila hoja na mfano wake mmoja. Insha nzima iandikwe mara moja kwa wiki ili mkono uzoee muda.

Kujisahihisha insha ni kugumu, lakini kuna njia. Iache siku mbili. Kisha funika swali, soma sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake, na jaribu kubuni swali lililokuwa likijibiwa. Ukifunua ukakuta swali ulilobuni ni pana kuliko lililoulizwa, umeona kosa lako bila mwalimu.

Jambo jingine, KakaMkubwa, hujataja ratiba ya mtihani wenyewe. Historia iko siku gani?

KakaMkubwa

Shikamoo dada. Historia ni siku ya kwanza asubuhi, na mchana wake ni Hisabati. Biolojia na Kiswahili ni siku ya tatu. Fizikia na Kemia ziko wiki ya pili ya mtihani, na vitendo vyake pia viko wiki hiyo.

DadaWaHistoria

Marahaba. Basi hilo linabadilisha mengi. Jumapili ya mwisho haiwezi kubeba Historia na Hisabati kwa pamoja. Kazi nzito ya Historia imalizike wiki ya tatu, na wiki ya nne abaki na mifupa ya hoja tu, anaiandika kwa kichwa. Na muda wa mchana kati ya karatasi hizo mbili asiutumie kujadili majibu ya Historia na wenzake, kwa kuwa ndipo Hisabati inapoharibikia.

MwalimuWaMaabara

Naafiki kabisa. Naongeza kwamba Fizikia na Kemia zina siku tupu kabla yake, kwa hiyo marudio yao ya mwisho yahamie ndani ya kipindi cha mtihani, na wiki ya nne iwe zaidi ya Hisabati, Historia, Biolojia na lugha. Mada ngumu za Kemia, hata hivyo, zianze sasa, maana moli haieleweki kwa siku mbili.

Vitendo visisubiri. Kwenye Fizikia, grafu ina alama ambazo hazihitaji akili nyingi: majina na vizio kwenye mihimili, kipimo kinachotumia zaidi ya nusu ya karatasi, na mteremko unaokokotolewa kwa pembetatu kubwa badala ya nukta mbili zilizokaribiana. Achore grafu mbili kwa wiki nyumbani, hazihitaji maabara.

ChakiNaUbao

Naomba kuuliza kuhusu zile alama 30 za Hisabati ambazo hazijui kabisa. Mimi ningeziacha zote. Wiki nne si muda wa kujifunza mada mpya.

MwalimuWaMaabara

Ningeacha baadhi, lakini uamuzi huo ningeufanya mwisho wa wiki ya pili. Mada mpya inayosimama peke yake na kueleweka kwa vipindi viwili, kama takwimu, ina faida kubwa. Mada inayodai msingi wa mada nyingine mbili asizozijua, iachwe.

DadaWaHistoria

Mimi naogopa kuacha, hasa pale karatasi inapokuwa na sehemu ya lazima. Ukiacha mada nne, sehemu hiyo inaweza kukupiga bila njia ya kukwepa. Ningependa ajue angalau hatua ya kwanza ya kila mada, kwa kuwa hatua ya kwanza nayo hupewa alama.

MwalimuWaMaabara

Hatua ya kwanza isiyoeleweka husahaulika haraka, dada. Hapa tutofautiane, KakaMkubwa atachagua akiwa na muundo wa karatasi mkononi.

KakaMkubwa

Nimeutazama muundo. Sehemu ya lazima ina maswali mafupi kutoka karibu kila mada, kwa hiyo kwa sasa namfuata dada kwa sehemu hiyo na Mwalimu kwa maswali marefu ya kuchagua. Wiki ya kwanza tumeipanga hivi: Kemia vipindi 4, vyote moli na vizio, Hisabati 3, aljebra na kupanga upya fomula, Fizikia 2, kimoja cha grafu, Historia 2 za kuchambua maswali, Kiingereza, Biolojia na Kiswahili kimoja kimoja. Jiografia haina kipindi wiki hii, ila itapata viwili wiki ya pili. Biolojia ndiyo bado sijui niishike wapi, maana alama zilizopotea hazina mpangilio.

LindoLaUsiku

Kaka, mimi Biolojia yangu ilikuwa hivyohivyo. Nilipotazama vizuri nikagundua kwamba nyingi zilikuwa za michoro isiyo na majina ya sehemu na maelezo yasiyotumia istilahi. Tazama kama yake ni hivyo kabla hujasema zimetawanyika.

KakaMkubwa

Nimefungua kijitabu sasa hivi. Michoro mitatu, yote haina vichwa wala majina kamili, alama 11 zimekwenda hapo. Kipindi cha Biolojia cha Alhamisi kitakuwa cha kuchora.